Afisa mauzo hafikishi tageti? Andika namba, siyo lawama

“Boresha mauzo na ongeza juhudi.” Ukimwandikia afisa mauzo hivyo, baada ya miezi miwili wewe utasema hajabadilika, yeye atasema amebadilika, na hakuna atakayeweza kuthibitisha.

Tuchukue mfano wa afisa anayeuza mitambo ya sola nyumba kwa nyumba. Tageti ni mitambo 24 kwa mwezi, lakini kwa miezi mitatu amekuwa akiuza 11 tu.

Tafuta tatizo kwanza

Angalia anatembelea nyumba ngapi. Kama ni 15 kwa wiki na anauza karibu 3, basi kila nyumba 5 anapata mteja 1. Anajua kuuza, ila hatembei vya kutosha. Lakini kama anatembelea 30 na bado anauza 3, kumwongezea nyumba hakusaidii. Huyo anahitaji kufundishwa kufunga mauzo.

Sasa andika

Kwa afisa wa kwanza, mpango wa wiki 8 unaweza kusomeka hivi:

“Kuanzia wiki ya 1 utatembelea nyumba 30 kwa wiki na kuziandika kwenye fomu. Wiki ya 1 na 2 utauza mitambo 3 kila wiki, wiki ya 3 na 4 mitambo 4, na wiki ya 5 hadi ya 8 mitambo 6. Mtambo utahesabiwa ukishafungwa na mteja akishalipa malipo ya awali.”

Sentensi ya mwisho usiiache. Bila hiyo, mtu aliyebanwa ataandikisha hata shemeji yake ili namba itimie.

Na bosi ana deni

Andika pia utakachofanya wewe: “Msimamizi atatembea nawe siku 2 kila wiki kwa wiki 2 za mwanzo. Kila Ijumaa saa 10 jioni tutapitia namba na kusaini wote. Wiki ambayo mzigo haupo stoo haitahesabiwa, mpango utasogezwa mbele.”

Malizia na kitakachofuata. Akifikisha, mpango unafungwa kwa barua. Akikaribia, anaongezewa wiki 4. Asipofikisha, anaitwa kwenye kikao kujieleza kabla ya uamuzi wowote. Usiandike “utafukuzwa”, maana itaonekana uliamua mapema.

Kwa Tanzania, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinaangalia kama mfanyakazi alikijua kiwango, kama kiwango kinafikika, na kama alipewa muda na nafasi ya kujirekebisha. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, zile karatasi za kila Ijumaa zenye saini mbili ndizo zitakazoonyesha nani alitimiza sehemu yake.