Risiti Iliyoandikwa kwa Vijiwe

Mwaka 1962, huko Smirat nchini Tunisia, ilifukuliwa sakafu ya tajiri mmoja wa enzi za Warumi aliyeitwa Magerius. Katikati yake amesimama kijana mwenye sinia, na juu ya sinia imepangwa mifuko minne ya fedha. Kila mfuko una alama ya elfu moja. Kulia na kushoto kwa kijana huyo kuna safu mbili za maandishi ya Kilatini, na pembezoni wawindaji wanne wanawachoma chui wanne kwa mikuki. Magerius alilipa fedha nyingi siku moja mbele ya umati, akataka malipo hayo yakumbukwe. Hakuyaandika kwenye ngozi wala karatasi. Aliyaandika chini, mahali ambapo kila aingiaye angeyakanyaga na kuyasoma.

Picha ya namna hiyo huitwa mozaiki, na vijiwe vinavyoiunda Warumi waliviita tesera. Zipo mozaiki za ukutani na za darini, lakini za sakafuni ndizo zilizotufikia kwa wingi, kwa sababu nyumba inapoanguka, ukuta hupukutika na kifusi chake huifunika sakafu. Tunisia ya leo, ambayo ilikuwa kiini cha jimbo la Afrika la dola ya Rumi, ina hazina kubwa ya sakafu hizo.

Uhai wa sakafu ulitegemea kazi iliyofanyika kabla ya kijiwe cha kwanza kutiwa. Vitruvius, mhandisi aliyeandika juu ya ujenzi katika karne ya 1 KK, anaanzia kwenye udongo wenyewe: ushindiliwe mpaka usibonyee. Kisha hutandazwa mawe yenye ukubwa wa ngumi. Juu yake humwagwa kokoto zilizochanganywa na chokaa, sehemu tatu kwa moja, na vibarua huzipondaponda kwa magogo mpaka tabaka libaki na unene usiopungua sentimita 22 hivi. Mtu aliyewahi kuona sakafu ya chokaa ikipondwa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa kazi hiyo ilivyokuwa. Baada ya hapo hufuata tabaka la vigae vilivyosagwa na kuchanganywa na chokaa, lenye unene wa sentimita 11 hivi. Vigae hivyo vilikuwa na kazi maalumu: chokaa iliyochanganywa navyo hukaza hata penye unyevu, na huyahimili maji kuliko chokaa tupu.

Wachimbaji wa mambo ya kale wamegundua kwamba mafundi wengi hawakufika vipimo hivyo. Tabaka zilipunguzwa, au moja ikaachwa kabisa, hasa pale ardhi ilipokuwa ngumu. Palipopunjwa isivyostahili, sakafu yenyewe inasema: inabonyea katikati kama sahani, au nyufa zinapita katikati ya picha zikifuata mstari wa ukuta wa zamani uliozikwa chini yake.

Vijiwe vilikatwa kwa zana mbili tu. Fundi alikita patasi kwenye gogo, makali yakielekea juu, akaweka juu yake ujiti wa jiwe, kisha akaugonga kwa nyundo. Jiwe hukatika pale lilipokaa juu ya makali. Kwanza alipata vijiti virefu, kisha akavikata kuwa vijiwe vya pande nne. Rangi zilitoka kwenye mawe yenyewe: chokaa nyeupe na nyeusi kutoka machimbo ya karibu, marumaru ya manjano kutoka Chemtou, hukohuko Tunisia, na nyekundu mara nyingi ilikuwa matofali yaliyovunjwa. Buluu na kijani kikali ni vigumu kupatikana katika mawe, kwa hiyo fundi alitumia kioo cha rangi. Kioo huoza ardhini upesi kuliko jiwe. Ukiona sakafu ya kale ambayo tausi wake ametoboka kifuani tu, huku mwili uliobaki ni mzima, yaelekea hapo palikuwa na buluu.

Juu ya kitanda kilichokauka, fundi mkuu alichora mistari ya kuongoza, kwa rangi au kwa kukwaruza. Ndipo ikapakwa chokaa laini, nyembamba, na hapo kazi ikawa ya kukimbizana na wakati. Chokaa hiyo hukaa laini kwa saa chache tu, hivyo ilipakwa kwa viraka, kila kiraka kikiwa kazi ambayo mkono ungeweza kuimaliza kabla haijakaza. Fundi alianza na mistari ya umbo, tuseme mgongo wa chui, akajaza mwili, kisha akauzungushia mwili huo mstari mmoja au miwili ya vijiwe vya rangi ya nyuma. Baada ya hapo tu ndipo alipojaza uwanja uliobaki kwa mistari iliyonyooka. Mstari ule unaolikumbatia umbo ndio unaomfanya mnyama aonekane amechomoza kutoka sakafuni. Sakafu ya kawaida ilitumia vijiwe vya karibu sentimita moja kila upande, na kwa hesabu hiyo mita moja ya mraba humeza vijiwe elfu kumi hivi. Mahali pa uso wa mtu, ambapo kivuli cha shavu hakina budi kubadilika polepole, fundi alishuka hadi milimita nne au chini yake, na vijiwe vikaongezeka mara nyingi. Mwishoni sakafu ilisuguliwa kwa jiwe, mchanga na maji mpaka ikawa sawa, na mianya ikazibwa.

Kazi ya namna hii hailipiwi ovyoovyo, na hapo ndipo sakafu inapoanza kutueleza habari za wenye nyumba. Mahali pa kuanzia si penye picha, ni pale pasipo na picha. Katika vyumba vingi vya kulia chakula, pande tatu zimewekewa nakshi rahisi za miraba, na picha nzuri imewekwa katikati na upande wa mlangoni. Wageni wa Kirumi walikula wakiwa wamejiegemeza juu ya vitanda, na vitanda hivyo vilikaa juu ya ile nakshi rahisi. Hakuna aliyelipia vijiwe vya milimita nne ili avifunike kwa miguu ya kitanda. Kwa hiyo hata pale ambapo mbao zimeoza kwa miaka mingi, tunajua wageni walilala wapi. Tukitazama vichwa vya watu katika picha vimeelekea wapi, tunajua pia ni nani aliyekusudiwa kuwaona: mgeni aliyekwisha kaa, au yule anayeingia mlangoni.

Turudi kwa Magerius. Maandishi ya sakafu yake yanasimulia mwisho wa siku ya maonyesho katika uwanja wa michezo. Waliowaua chui ni kundi la wawindaji wa kulipwa lililoitwa Telegenii, na majina yao yameandikwa: Spittara, Bullarius, Hilarinus na Mamertinus. Hata chui wana majina, mmoja akiitwa Victor na mwingine Romanus. Mpiga mbiu anasimama na kuwaomba waheshimiwa wawape wawindaji dinari 500 kwa kila chui. Kisha safu ya pili inaleta sauti ya umati. Watu wanasema kwamba watoaji wa michezo wajao wajifunze kwa mfano huu, na waliotangulia wausikie. Wanalitaja jina la Magerius, wanasema anatoa, na kwamba huko ndiko kuwa na mali na kuwa na uwezo. Usiku umekwisha ingia, wawindaji waende zao na mifuko yao.

Sasa itazame sinia. Kilichoombwa ni dinari 500 kwa chui mmoja, yaani 2,000 kwa wote wanne. Mifuko ni minne yenye elfu moja kila mmoja. Magerius alilipa 4,000, mara mbili ya alichoombwa. Maandishi hayasemi popote kwamba alizidisha. Mgeni aliachwa afanye hesabu mwenyewe, akiwa amesimama juu yake. Nadhani hapo ndipo ilipo akili ya aliyeipanga picha hii: sifa inayogunduliwa na mgeni huingia moyoni kuliko ile inayotangazwa na mwenyeji.

Haikuwa fahari tupu. Katika miji ya Kirumi, mtu mwenye mali alitarajiwa kuutumikia mji kwa fedha zake mwenyewe, na vyeo na heshima vilifuata mkondo huo. Lakini onyesho huisha jioni ileile. Damu hufagiliwa na umati hutawanyika. Sakafu iliibeba siku hiyo mpaka nyumbani, hata kelele za watu zikageuzwa kuwa mawe.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, tajiri mwingine katika viunga vya Kartago alijisifia kwa njia tofauti kabisa. Sakafu yake, ambayo sasa iko katika makumbusho ya Bardo jijini Tunis, ni ya mwisho wa karne ya 4 au mwanzo wa ile ya 5. Katikati yake pana jumba kubwa la shamba lenye minara. Juu na chini yake watu wanakuja na mazao ya majira yote ya mwaka: zeituni, mabata, zabibu, sungura aliye hai. Bwana mwenyewe ameketi, miguu juu ya kibao, akikabidhiwa hati iliyokunjwa yenye jina lake, Bwana Julius. Upande wa pili bibi wa nyumba amesimama kwa kuegemea nguzo, na kijakazi anamletea mkufu. Hapa hakuna umati wala mpiga mbiu. Magerius alijionyesha akitoa, Julius anajionyesha akipokea. Mkewe yumo pichani, naye pia anapokea. Kwa mgeni aliyeikanyaga sakafu hiyo, hakuna shaka ni nani aliyekuwa akimtegemea nani.

Lakini tahadhari inahitajika. Hakuna mtu anayeletwa kwa Julius ambaye anaonekana kuchoka au kudaiwa, na Magerius hakuwaalika mahasimu wake watoe ushuhuda. Sakafu hutuonyesha jinsi mwenye nyumba alivyotaka kuonekana. Isitoshe, picha nyingi za samaki, za majira na za miungu zilirudiwa kutoka nyumba hadi nyumba, kwa kuwa mafundi walikuwa na michoro waliyoizoea. Mungu wa mvinyo akiwa sakafuni si ushahidi kwamba familia hiyo ilimwabudu. Picha yenye majina, kiasi na tukio, kama ile ya Smirat, haikuweza kutoka kwenye mchoro wa fundi. Hiyo ilitoka kinywani mwa mteja.

Na fundi mwenyewe? Mwaka 301 Kaisari Diokletiani alitangaza viwango vya juu vya bei na ujira. Mafundi wa mozaiki wamo katika makundi mawili, mmoja kwa dinari 60 kwa siku na mwingine kwa 50, pamoja na chakula. Kibarua wa shamba aliwekewa 25, na mchoraji wa picha za watu 150. Kwa maneno mengine, fundi wa sakafu alihesabiwa karibu na seremala, ambaye naye alipata 50, na mbali sana na mchoraji.

Huko Lod, katika nchi ya Israeli, sakafu kubwa ya mozaiki ya Kirumi iliondolewa mwaka 2009 ili ihifadhiwe. Ilipoinuliwa, chokaa iliyokuwa chini ya vijiwe ilionekana ikiwa na alama za nyayo. Nyingine ni za viatu. Nyingine ni za mtu aliyetembea peku, na vidole vyake vinaonekana.