Kabla ya Kulipia Kiwanja: Soma Daftari, Kisha Isome Ardhi

Mwananchi anapoamua kununua kiwanja kilichopimwa, jambo la kwanza analoonyeshwa na muuzaji ni hati ya kumiliki ardhi, yenye ramani ndogo ya kiwanja, muhuri na sahihi. Wengi huishia hapo. Wanaikagua karatasi, wanaridhika kwamba jina lililoandikwa ni la muuzaji, wanaandikishana mbele ya mashahidi na kukabidhi fedha. Hata hivyo, karatasi hiyo ni nakala tu ya kumbukumbu iliyoko kwa Msajili wa Hati. Hati inaweza kughushiwa. Inaweza pia kuwa halali lakini imepitwa na wakati, kwa sababu baada ya kutolewa kwake kiwanja kimewekwa rehani, kimezuiwa na mahakama au kimekwisha kuhamishiwa mtu mwingine kwa kutumia nakala mpya.

Njia ya kujua kumbukumbu zinasema nini ni kufanya upekuzi rasmi. Mwombe muuzaji nakala ya hati, kisha andika pembeni mambo manne: namba ya hati, namba ya kiwanja, kitalu na eneo kilipo. Peleka maombi yako katika Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, lilipo dawati la Msajili wa Hati, na ulipe ada kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali utakayopewa. Maombi hayo yapeleke wewe mwenyewe au wakili wako. Taarifa ya upekuzi iliyoletwa na muuzaji au dalali isikutoshe, kwani aliyeweza kughushi hati haoni ugumu kughushi barua ya ukurasa mmoja.

Majibu ya Msajili yasome kwa utulivu. Kwanza, jina la mmiliki lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Ikiwa mmiliki amefariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo peke yake hakimpi mtu mamlaka hayo. Pili, tazama muda wa miliki na tarehe ulipoanza kuhesabiwa. Miliki hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99, na nyingine ni za miaka 33 tu. Hivyo hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1998 inakuachia muda mfupi sana. Tatu, angalia mizigo iliyosajiliwa juu ya kiwanja: rehani ya benki, zuio lililowekwa na mtu anayedai haki, au amri ya mahakama. Kiwanja chenye rehani kinaweza kuuzwa iwapo benki imeridhia kwa maandishi. Chenye zuio kisiguswe hadi zuio liondolewe.

Hapa ndipo wengi hudhani kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba upekuzi unaonyesha yale yaliyosajiliwa tu, na unaonyesha hali ilivyo siku hiyo. Mauzo yaliyofanyika kwa mkataba wa mkononi, bila kufikishwa kwa Msajili, hayaonekani humo. Katika pengo hilo ndipo kiwanja kimoja huuzwa mara mbili.

Tuchukue mfano. Kiwanja Na. 112, Kitalu D, kinauzwa kwa shilingi milioni 18. Mnunuzi wa kwanza analipa fedha zote mwezi Machi, anapewa mkataba na hati halisi, anaiweka sandukuni na kumwaga tripu tatu za mawe uwanjani. Hafanyi uhamisho kwa sababu anaona gharama ni kubwa. Mwezi Agosti muuzaji anadai kwamba hati yake imepotea. Anaomba nakala mpya, tangazo linatoka katika Gazeti la Serikali, ambalo mnunuzi wa kwanza halisomi, na hakuna pingamizi linalowasilishwa. Nakala mpya inatolewa. Mwezi Desemba mnunuzi wa pili anafanya upekuzi na kukuta jina ni la muuzaji na hakuna mzigo wowote. Analipa milioni 20 na kusajili uhamisho mwezi unaofuata.

Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, uhamisho wa ardhi iliyosajiliwa haukamiliki mpaka uandikwe katika daftari. Mkataba wa mnunuzi wa kwanza unampa haki ya kumdai muuzaji, lakini haujamfanya mmiliki. Mnunuzi wa pili naye hayuko salama kabisa: atashtakiwa, ujenzi wake unaweza kusimamishwa kwa miaka, na akithibitika kuwa alijua habari za mauzo ya awali, mahakama haitamtazama kwa jicho la huruma.

Kila mmoja kati yao angeweza kujikinga. Mnunuzi wa pili angeyaona yale mawe. Ndiyo maana, baada ya kusoma daftari, tunawahimiza wananchi kwenda kuisoma ardhi yenyewe. Nenda bila muuzaji wala dalali, ikiwezekana siku mbili tofauti. Waulize majirani wa pande zote nani hulima au kusafisha kiwanja, na kama kuna mtu aliyewahi kuja kukionyesha kuwa ni chake. Msingi, tofali, mawe au miche mipya ni swali linalodai jibu kabla ya fedha kutoka. Muulize pia muuzaji stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Zikiwa zimelipwa na mtu mwingine miaka ya karibuni, jua kuna habari hujaambiwa. Mwisho, mpeleke mpima ardhi aliyesajiliwa alinganishe mawe ya mipaka na ramani ya upimaji, kwa kuwa wapo wanaoonyesha kiwanja kizuri cha barabarani ilhali hati ni ya kiwanja kingine kilicho bondeni.

Mnunuzi wa kwanza, kwa upande wake, angeweza kuwasilisha zuio kwa Msajili mara tu alipotia sahihi mkataba. Zuio hilo lingeonekana katika upekuzi wa Desemba, na mnunuzi wa pili angerudi nyumbani na fedha zake.

Kwa hiyo panga malipo yako yafuate usajili. Toa sehemu ya bei wakati wa kutia sahihi, weka zuio, na salio lilipwe baada ya kibali cha uhamisho kupatikana na nyaraka kupokelewa kwa Msajili. Rudia upekuzi asubuhi ya siku ya kulipa salio, hata kama wa kwanza ulifanyika wiki mbili tu zilizopita. Kama kiwanja ni cha wanandoa, ridhaa ya mwenza iandikwe na kutiwa sahihi. Muhuri wa serikali ya mtaa katika mkataba hauchukui nafasi ya hatua yoyote kati ya hizi; hauthibitishi miliki wala haumzuii muuzaji kuuza tena.

Maelezo haya yanahusu viwanja vyenye hati iliyosajiliwa. Kwa kiwanja chenye barua ya toleo pekee, jalada lake hukaguliwa kwa Afisa Ardhi wa Halmashauri. Kwa ardhi ya kijiji, ulizia masjala ya ardhi ya kijiji na upate idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Muuzaji anayekuharakisha kwa kusema yupo mwingine aliye tayari kulipa leo, mwache amuuzie huyo mwingine.