Skrini ya Hz 144, video ya fremu 60: kwa nini rekodi inakwamakwama

Mwalimu wa kompyuta amenunua skrini mpya ya Hz 144. Akiburuza dirisha linateleza bila kukwama, na akishusha karatasi ya hesabu safu zinapanda taratibu machoni. Anafungua programu ya OBS Studio, anarekodi somo la saa moja, kisha anaicheza rekodi. Mshale wa kipanya unakwenda kwa kushtukashtuka, na safu zilizokuwa zikiteleza sasa zinarukaruka. Anahisi fremu 60 hazitoshi, kwa hiyo anailazimisha programu irekodi 144 na kupandisha kiwango cha data hadi megabiti 60 kwa sekunde. Faili linafika GB 27, na wanafunzi wanaolitazama kwenye simu bado wanaona video ikikwama.

Haya ni matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake. La kukwama linatokana na mapigo ya skrini kutolingana na ya rekodi. La ukubwa linatokana na namna programu ilivyoambiwa igawe data. Ukiyachanganya utatibu moja kwa dawa ya lingine, kama alivyofanya mwalimu huyu.

Tuanze na mapigo. Skrini ya Hz 144 hubadilisha picha mara 144 kila sekunde. Programu inayorekodi fremu 60 huchungulia mara 60 kwa sekunde, na kila inapochungulia huchukua picha iliyopo wakati huo. Ukigawa 144 kwa 60 unapata 2.4. Programu haiwezi kuruka picha mbili na sehemu ya picha, kwa hiyo mara inasogea picha mbili, mara tatu. Mpangilio unakuwa mbili, mbili, tatu, mbili, tatu, kisha unaanza upya. Ni kama wapiga ngoma wawili ambao mapigo yao hayakutani: kila mmoja yuko sawa akipiga peke yake, lakini wakipiga pamoja wimbo unayumba.

Unaweza kuliona hili kwa macho yako. Fungua testufo.com kwenye kivinjari. Hapo kuna kichombo kinachopita skrini kwa mwendo usiobadilika, na kwa kawaida kasi yake ni pikseli 960 kwa sekunde. Kirekodi kwa sekunde kumi, fungua rekodi kwenye VLC, isimamishe, kisha bonyeza herufi E. Kila ukibonyeza, video inasogea fremu moja. Kama skrini ilikuwa kwenye Hz 144 na rekodi ni ya fremu 60, kichombo kitasogea takriban pikseli 13, tena 13, halafu 20, kisha 13, kisha 20. Chombo chenyewe hakikubadili mwendo hata kidogo. Kuyumba kote kumetokana na kuchungulia kusikolingana, na jicho hulitambua jambo hilo mara moja hata kama mtazamaji hajui kulieleza.

Sasa shusha skrini hadi Hz 120 na urudie jaribio. 120 kwa 60 ni mbili kamili. Kila fremu ya rekodi inaruka picha mbili, na kichombo kinasogea pikseli 16 kila mara. Kukwama kunakwisha bila kugusa kitu kingine chochote. Kwenye Windows, nenda `Settings`, kisha `System`, kisha `Display`, kisha `Advanced display`, na hapo utaona mahali pa kuchagua kasi ya skrini. Ukimaliza kurekodi, irudishe kwenye 144.

Ukifika hapo tazama namba kwa makini, kwa sababu baadhi ya skrini huonesha 119.88 badala ya 120. Tofauti ni ndogo, lakini rekodi ya fremu 60 itapotea pigo moja kila baada ya sekunde nane hivi, na utaona mtikisiko mmoja mdogo unaojirudia. Katika hali hiyo, fungua `Settings` za OBS, ingia `Video`, na kwenye `Common FPS Values` chagua 59.94. Hiyo ni nusu kamili ya 119.88.

Wengine huuliza kwa nini wasibaki kwenye Hz 144 na kurekodi fremu 48 au 72, maana zote zinagawanya 144 bila baki. Faili litakuwa sawa, lakini mtazamaji hatatazama kwenye skrini yako. Simu na kompyuta nyingi bado zina skrini ya Hz 60, na fremu 48 au 72 hazilingani na 60. Utakuwa umeondoa kukwama kwako na kumkabidhi mtazamaji. YouTube nayo huonesha video hadi fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo zile 144 za mwalimu wetu zilipunguzwa njiani, na mlingano mbaya ukarudi palepale. Ndiyo maana 120 kwa 60 ndiyo chaguo linalofaa watu wengi. Kwa somo lisilo na mwendo mwingi, fremu 30 zinatosha, na 120 inagawanyika kwa 30 pia.

Michezo ya kompyuta ina jambo lake. Ukitumia chanzo cha OBS kiitwacho `Game Capture`, programu huchukua picha kutoka kwenye mchezo wenyewe, haipitii kwenye skrini. Hapo kinachohesabika ni idadi ya fremu ambazo mchezo unatengeneza. Ingia kwenye mipangilio ya mchezo na uwekee kikomo cha fremu 120, au 60 kama kompyuta haiwezi kushikilia 120 bila kuyumba. Kikomo hicho kina faida nyingine: mchezo ulioachwa huru hula nguvu yote ya kadi ya michoro, na OBS inakosa nafasi ya kufanya kazi yake.

Hapo tunafika kwenye aina nyingine ya kukwama, ambayo haiponi kwa kulinganisha mapigo. Kwenye OBS fungua menyu ya `Docks` na uchague `Stats`. Tazama mistari miwili wakati rekodi inaendelea. Ukiona namba inapanda kwenye `Frames missed due to rendering lag`, kadi ya michoro imezidiwa na haiwahi kuchora fremu za rekodi. Punguza kazi ya mchezo. Pia jaribu kuifungua OBS kama msimamizi wa kompyuta, kwa sababu kwenye Windows hatua hiyo huipa nafasi ya mbele kwenye kadi. Ukiona namba inapanda kwenye `Skipped frames due to encoding lag`, kinachochelewa ni ubanaji wa video. Kama ubanaji unafanywa na prosesa kwa x264, uhamishie kwenye kadi ya michoro: NVENC kwa kadi za NVIDIA, AMF kwa AMD, Quick Sync kwa Intel. Mistari yote miwili ikibaki sifuri na video bado inarukaruka, rudi kwenye mapigo.

Tugeukie ukubwa. Faili la GB 27 halikutokana na fremu 144 peke yake. Mwalimu alichagua `CBR`, yaani kiwango cha data kisichobadilika, na hesabu yake ni nyepesi: zidisha megabiti kwa idadi ya sekunde, gawa kwa nane, upate megabaiti. Megabiti 60 kwa sekunde 3,600, gawa kwa nane, ni MB 27,000. Karatasi ya hesabu iwe inatembea au imesimama huku mwalimu akieleza, kila sekunde inapewa data ileile. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, kulituma faili hilo kunachukua saa sita, na bando lake ni la kuumiza.

Mpangilio huo unafaa matangazo ya moja kwa moja, ambapo njia ya intaneti ina upana maalumu. Kwa rekodi inayohifadhiwa kwenye diski, badilisha uwe `CQP`, au `CRF` ikiwa unatumia x264. Utaukuta kwenye `Settings`, `Output`, ukichagua hali ya `Advanced`, sehemu ya `Recording`, mstari wa `Rate Control`. Hapa hutaji kiasi cha data. Unataja ubora, na programu inatoa data kulingana na kinachotokea: skrini iliyosimama inapewa kidogo sana, inayobadilika inapewa nyingi. Somo la karatasi za hesabu, ambalo kwa dakika nzima huenda kikasogea kipanya tu, linapungua mno.

Namba ya ubora inakwenda kinyume na mazoea: ikipanda, ubora unashuka na faili linapungua. Anza na 20. Kila ukiongeza sita, ukubwa unashuka kwa karibu nusu, ingawa kiasi hasa kinategemea kilichomo kwenye picha. Rekodi dakika moja yenye kazi halisi, si skrini tupu, kisha angalia faili. Ikiwa ni MB 45, saa moja itakuwa kama GB 2.7. Ikiwa ni kubwa kuliko unavyoweza kutuma, panda hadi 23 na urudie. Kabla ya kuridhika, soma herufi ndogo kabisa kwenye rekodi. Zikianza kuwa na ukungu pembezoni, umepita kiasi, teremsha namba kidogo.

Jihadhari pia na kupunguza vipimo vya picha ili kuokoa nafasi. Skrini ya pikseli 2560 kwa 1440 ikirekodiwa kwa 1920 kwa 1080, idadi ya pikseli inashuka hadi karibu nusu, lakini herufi hazigawanyiki sawasawa na zinafifia. Kwenye mchezo huenda mtu asione. Kwenye somo la karatasi ya hesabu mwanafunzi atashindwa kutofautisha 3 na 8. Ni afadhali kuibadilisha skrini yenyewe iwe 1920 kwa 1080 wakati wa kurekodi, au kukuza maandishi ndani ya programu unayofundishia, ili kile kinachorekodiwa kiwe ndicho kitakachoonekana.

Ukibanwa na muda, jua kipi kinaweza kusubiri. Faili lililozidi ukubwa linaweza kubanwa upya baadaye kwa programu ya bure kama HandBrake. Litapoteza ubora kidogo, lakini somo litabaki. Rekodi iliyochungulia mbili, mbili, tatu haina marekebisho kama hayo, kwa sababu picha zilizorukwa hazimo ndani ya faili, na kuitoa tena kwa fremu 60 kunahifadhi kuyumba kulekule. Kwa hiyo kasi ya skrini na fremu za rekodi ndizo za kukagua kabla ya kubonyeza `Start Recording`.