Upele na Mapunye Katika Nyumba Yenye Watu Wengi
Upele huletwa na kidudu kidogo mno kinachochimba ngozi na kutaga mayai humo. Anayeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku akiwaambukiza anaolala nao kitanda kimoja. Ndiyo maana mtoto aliyetibiwa peke yake hupona, kisha huupata tena kwa nduguye asiyejikuna. Nyumba nzima hupakwa dawa usiku mmoja, shingoni hadi nyayoni, na kurudia baada ya siku 7. Mashuka hufuliwa kwa maji ya moto. Muwasho ukibaki wiki mbili tatu, si lazima dawa imeshindwa.

Mapunye ni kuvu ya kichwani, huenezwa hata na vitana. Huhitaji vidonge kwa wiki kadhaa, kwani dawa ya kupaka haifiki kwenye mizizi ya nywele.