Jenereta Inapomdai Fundi: Gharama za Kiwanda Zigawanywe Vipi?

Tuchukue kiwanda cha mfano cha kusaga nafaka, mahali ambapo umeme wa gridi haujafika. Kina idara mbili zinazoingiza pesa: moja inatoa unga wa sembe, nyingine chakula cha mifugo. Kina pia idara mbili saidizi zisizouza chochote. Ya kwanza ni karakana, yenye mafundi wa kuchomelea, kukaza na kubadilisha vipuri. Ya pili ni chumba cha jenereta, kinachowasha kila kitu.

Mwisho wa mwezi karakana imetumia shilingi milioni 36, jenereta milioni 18. Jumla ni milioni 54, na kwa kuwa idara hizo hazina mteja wa nje, fedha hizo lazima zibebwe na unga na chakula cha mifugo. Swali ni nani abebe kiasi gani. Bei ya mfuko itategemea jibu hilo.

Mhasibu anaanza na matumizi. Daftari la mafundi linaonyesha saa 600 za kazi: 240 zilikwenda kwenye jenereta, 120 kwenye mashine za unga na 240 kwenye mashine za chakula cha mifugo. Kwa asilimia ni 40, 20 na 40. Mita za umeme zinaonyesha uniti 24,000: karakana ilichukua asilimia 25, unga 60, chakula cha mifugo 15.

Hapo ndipo penye kazi. Jenereta haiwezi kujua gharama yake kamili mpaka ipate bili ya mafundi, na mafundi hawawezi kuandika bili mpaka wajue umeme wao umegharimu kiasi gani. Kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Njia ya moja kwa moja hulimaliza tatizo hili kwa kulifumbia macho. Kazi ambazo idara saidizi zinafanyiana hazihesabiwi kabisa. Milioni 36 za karakana zinagawanywa kwa saa za unga na za chakula cha mifugo tu, yaani 120 kwa 240, hivyo unga unapata milioni 12 na chakula cha mifugo milioni 24. Milioni 18 za jenereta zinagawanywa kwa uwiano wa 60 kwa 15: unga milioni 14.4, chakula cha mifugo milioni 3.6. Ukijumlisha, unga unabeba milioni 26.4 na chakula cha mifugo milioni 27.6. Hesabu hii inaisha kabla chai haijapoa, na ndiyo sababu wengi wanaipenda.

Njia ya kutegemeana inakataa kufumba macho. Inaziita gharama kamili za idara hizo kwa herufi, K kwa karakana na J kwa jenereta, kisha inaandika ukweli ulivyo. Karakana inagharimu milioni zake 36 pamoja na robo ya gharama ya jenereta. Jenereta inagharimu milioni zake 18 pamoja na asilimia 40 ya gharama ya karakana.

```
K = 36 + 0.25J
J = 18 + 0.40K
```

Milinganyo miwili, visivyojulikana viwili. Ni hesabu ya sekondari. Weka mlinganyo wa pili mahali pa J katika ule wa kwanza, na unapata K = 36 + 4.5 + 0.1K. Hamisha 0.1K upande wa kushoto: 0.9K = 40.5, kwa hiyo K ni milioni 45. Rudisha namba hiyo kwenye mlinganyo wa pili, J inakuwa milioni 36.

Sasa gawanya kwa asilimia zilezile za mwanzo, bila kuzibadilisha. Unga unachukua asilimia 20 ya 45, ambayo ni milioni 9, na asilimia 60 ya 36, ambayo ni milioni 21.6. Jumla yake ni milioni 30.6. Chakula cha mifugo kinachukua milioni 18 za karakana na milioni 5.4 za jenereta, jumla milioni 23.4.

Wengi hushtuka hapa: 45 na 36 ni 81, ilhali kiwanda kilitumia 54. Hakuna fedha iliyozaliwa. Milioni 27 zilizozidi ni bili ambazo idara saidizi zimeandikiana: karakana imeidai jenereta milioni 18, jenereta imeidai karakana milioni 9. Kinachopaswa kurudi kwenye 54 ni mafungu ya idara za uzalishaji, na 30.6 na 23.4 yanafanya hivyo barabara. Yasipofanya hivyo, kuna kosa. Mara nyingi mtu amegawanya 36 na 18 za mwanzo kwa asilimia kamili, na sehemu ya fedha imebaki hewani.

Tofauti ya njia hizi mbili ni milioni 4.2. Kama mwezi huo chakula cha mifugo kilitoka mifuko 6,000, kila mfuko ulibebeshwa shilingi 700 zisizo zake, na mifuko 12,000 ya unga ilipunguziwa shilingi 350 kila mmoja. Zaidi ya hapo, mpangilio umepinduka: njia ya kwanza inasema chakula cha mifugo ndicho kinachokula huduma zaidi, ya pili inasema ni unga. Sababu si ngumu. Saa 240 za mafundi zilitumika kuifanya jenereta iendelee kuunguruma, na umeme wa jenereta unakwenda zaidi kwenye unga. Njia ya moja kwa moja iliwatoza wenye kuku gharama ya kutengeneza jenereta inayosaga sembe.

Lakini tusiitukane. Badilisha kitu kimoja tu: karakana iwe imetumia milioni 18 na jenereta milioni 36, asilimia zibaki zilezile. Ukitatua milinganyo, K ni 30 na J ni 48. Unga unabeba milioni 34.8 na chakula cha mifugo 19.2. Fanya kwa njia ya moja kwa moja: 34.8 na 19.2, bila tofauti hata ya senti. Hii ni kwa sababu sasa kila idara saidizi inaidai nyingine milioni 12, na madeni yanafutana. Kinachopotosha, basi, si kule kuhudumiana kwenyewe. Ni salio la shilingi linalobaki baada ya madeni kufutana. Na hata salio likiwa kubwa, tofauti haitaonekana kama idara za uzalishaji zinatumia huduma zote mbili kwa uwiano mmoja.

Turudi kwenye namba za awali, maana zina matumizi mengine. Mkandarasi anajitolea kuleta umeme kwa shilingi 1,200 kwa uniti. Njia ya moja kwa moja inagawanya milioni 18 kwa uniti 18,000 za uzalishaji, inapata shilingi 1,000, na kumkataa. Njia ya kutegemeana inagawanya milioni 36 kwa uniti 24,000 na kupata 1,500, inamkubali. Ya pili ndiyo inayoona kwamba jenereta ikiondoka, mafundi wanaoihudumia nao hawatahitajika kwa kiasi hicho. Ila ni kweli pale tu gharama hizo zinapopungua. Kama mafundi wana mikataba ya kudumu na mishahara yao itaendelea kulipwa, ile 1,500 inazidisha faida ya kumkubali mkandarasi.

Idara saidizi zikifika tano au sita, hakuna haja ya kutoa jasho kwa kalamu. Jedwali la kompyuta linatatua milinganyo sita kwa sekunde moja. Kinachokosekana viwandani kwa kawaida ni vipimo. Mhasibu anayetaka kuanza aombe kwanza daftari la saa za mafundi linalojazwa kila siku, na mita ya umeme ya karakana peke yake. Bila hivyo viwili, ile 0.40 na ile 0.25 ni makisio, na njia ya kutegemeana itagawanya makisio hayohayo.