Laki Tatu ya 2015 na Laki Tano ya 2025

Mei Mosi ya mwaka 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Miaka kumi nyuma, katika mwaka wa fedha wa 2015/16, kima hicho kilikuwa 300,000. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja, mtumishi wa chini kabisa ameongezewa laki mbili, yaani theluthi mbili ya alichokuwa akipata. Lakini shilingi ya 2015 si shilingi ya 2025, na kabla ya kuzilinganisha laki hizo ni lazima tuzilete kwenye shilingi ya mwaka mmoja.

Kazi hiyo haihitaji mchumi. Inahitaji kiwango cha mfumuko wa bei cha kila mwaka, ambacho hutolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, pamoja na kikokotoo cha simu. Bei za mwaka 2015 tuzipe namba 100. Mwaka 2016 mfumuko ulikuwa asilimia 5.2, kwa hiyo 100 inakuwa 105.2. Mwaka 2017 ulikuwa asilimia 5.3, na hapa ndipo wengi wanapokosea: asilimia hiyo haiongezwi juu ya 100, inaongezwa juu ya 105.2, kwa sababu bei za 2017 zilipanda zikiwa tayari zimepanda mwaka uliotangulia. Tunapata 110.8. Tukiendelea hivyo kwa 3.5 ya mwaka 2018, 3.4 ya 2019, 3.3 ya 2020 na 3.7 ya 2021, tunafika 127. Kwa maneno mengine, bidhaa na huduma zilizogharimu shilingi 100 mwaka 2015 ziligharimu shilingi 127 mwaka 2021.

Sasa gawanya mshahara kwa 127, kisha zidisha kwa 100. Kima cha chini kilikuwa bado 300,000 mwaka 2021, na jibu ni takribani 236,000. Hiyo ndiyo thamani halisi ya mshahara. Hati ya malipo iliendelea kusoma laki tatu kila mwezi, lakini uwezo wake wa kununua ulikuwa umepungua kwa shilingi 64,000 hivi za mwaka 2015. Hakuna aliyetangaza punguzo hilo, na mfumuko wenyewe haukuwahi kuwa wa kutisha. Ulikuwa wa wastani mwaka baada ya mwaka, na mshahara ukasimama palepale.

Mwaka 2022 kikaja kima cha 370,000, nyongeza ya asilimia 23.3. Wengi walihesabu kwamba pengo limezibwa. Mfumuko wa mwaka huo ulikuwa asilimia 4.3, na namba yetu ikafika 132.4. Ili mtumishi anunue kile alichonunua 2015, alihitaji kama 397,000. Alipewa 370,000, ambayo ni sawa na 279,000 za mwaka 2015. Nyongeza ile ilikuwa ya kweli na ilisaidia, ila haikumrudisha mahali alipokuwa. Angalia pia kosa la kujumlisha linavyopotosha: ukizijumlisha asilimia za 2016 hadi 2022 unapata 28.7, ilhali bei zilipanda kwa zaidi ya 32. Kadiri miaka inavyozidi, ndivyo tofauti hiyo inavyokua.

Tumalizie safari. Mfumuko wa 2023 ulikuwa asilimia 3.8, wa 2024 ulikuwa 3.1, na kwa 2025 nachukua 3.3, kiwango cha mwezi Juni. Namba inafika 146.4. Laki tano gawanya kwa hiyo, zidisha kwa 100: unapata kama 341,500 za mwaka 2015. Kwa hiyo katika miaka kumi mshahara halisi wa chini umepanda kwa asilimia 14 hivi. Zile theluthi mbili za kwenye karatasi, sehemu kubwa yake ilikuwa fidia ya bei.

Kuna wanaopendelea njia nyingine: geuza kila mshahara kuwa dola kwa kiwango cha mwaka wake, kisha linganisha. Njia hii inavutia kwa wepesi wake, lakini kwa mtu anayelipwa na kutumia shilingi inadanganya, tena pande zote mbili. Mwaka 2014 kima cha chini kilikuwa 265,000 na dola iliuzwa kwa wastani wa kama shilingi 1,650, hivyo mshahara ulikuwa dola 160 hivi. Mwaka 2015 shilingi iliporomoka hadi wastani wa karibu 2,000, na laki tatu ikawa dola 150. Kwa dola, mtumishi alishushwa mshahara. Kwa bei za dukani, zilizopanda kwa asilimia 5.6 mwaka huo, mshahara wake halisi ulipanda kwa asilimia 7 hivi. Kisha ikawa kinyume. Kati ya 2016 na 2021 dola ilisogea kidogo tu, kutoka takribani 2,180 hadi 2,300, na kwa kipimo hicho mshahara ulipungua kwa asilimia 5. Kwa bei za ndani ulipungua kwa asilimia 17.

Kiwango cha dola hufuata mambo yake: msimu wa mazao ya kuuza nje, utalii, dhahabu, bei ya mafuta, hatua za Benki Kuu. Mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,700, na kufikia mwisho wa Desemba ilikuwa imeshuka chini ya 2,500. Mtumishi wa 370,000 "alipanda" kutoka dola 137 hadi zaidi ya 148 bila kuongezewa hata senti. Tumia dola pale tu fedha inapotumika kwa dola kweli, kama ada ya chuo cha nje, na uchukue kiwango cha mwezi wa malipo, si cha leo. Kosa baya zaidi ni kuchanganya njia: kugeuza mshahara kuwa dola, kisha kuupunguza tena kwa mfumuko wa Tanzania. Hapo kushuka kwa shilingi umekuhesabu mara mbili.

Hesabu hii ina mipaka yake. Mfumuko unaotangazwa ni wa kaya ya wastani, na kaya ya kima cha chini hutumia sehemu kubwa zaidi ya kipato kwa chakula. Mwaka ambao unga, maharage na mafuta ya kupikia vinapanda kuliko vingine, hali yake ni mbaya kuliko namba inavyosema. Halafu kuna makato. Julai 2020 kiwango cha mshahara kisichotozwa kodi kilipandishwa kutoka 170,000 hadi 270,000, kwa hiyo kilichofika mkononi kiliongezeka kidogo ingawa mshahara haukuguswa. Linganisha mshahara kabla ya makato na mshahara kabla ya makato, au kilichobaki na kilichobaki, usivichanganye.

Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wangefanya vyema kwenda mezani na hesabu ya namna hii, kwa sababu inaonyesha pia mbele. Mfumuko ukibaki asilimia 3.3 kwa mwaka na kima kikiachwa palepale, kufikia mwaka 2029 laki tano itanunua kile kile ambacho laki tatu ilinunua mwaka 2015.