Wasifukazi wa mhasibu hukaguliwa kama vitabu vya hesabu

MHASIBU anayetafuta kazi katika kaunti za Kisii na Nyamira huwasilisha wasifukazi wake kwa watu ambao kazi yao ya kila siku ni kutilia shaka tarakimu. Mwenyekiti wa chama cha akiba na mikopo, meneja wa kiwanda cha majani chai au mwanachama wa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti huusoma waraka huo jinsi mkaguzi anavyosoma leja: kila dai hutafutiwa ushahidi, na kila tarehe hulinganishwa na nyingine.

Hapo ndipo waombaji wengi hujikwaa. Si kwamba hawana ujuzi, bali huandika sentensi pana zisizoweza kuthibitishwa, au hujipa sifa ambazo sheria haijawapa. Kosa la kwanza humnyima mtu nafasi ya mahojiano. La pili laweza kumfikisha mahakamani.

Chukua mfano wa mhasibu wa umri wa miaka 31 kutoka Keroka, mji unaopakana na kaunti zote mbili. Ana shahada ya biashara, amefanya kazi miaka mitatu katika kampuni ya ukaguzi mjini Kisii, kisha miaka miwili katika Sacco moja ya Nyamira. Sasa anaomba kazi ya uhasibu katika serikali ya kaunti. Wasifukazi wake wa kwanza ulikuwa na mistari minne mikuu: kwamba yeye ni CPA, kwamba ana tajriba pana ya ukaguzi, kwamba anazifahamu programu zote za uhasibu, na kwamba amesimamia bajeti ya Sh240 milioni.

Hakuna hata mstari mmoja kati ya hiyo uliokuwa sahihi kama ulivyoandikwa.

Ngazi za mtihani

Mitihani ya CPA husimamiwa na Kasneb, bodi iliyoundwa mwaka wa 1969. Hadi mageuzi ya silabasi ya 2021, mtahiniwa alipitia Sehemu ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu, kila moja ikiwa na vitengo viwili. Tangu mageuzi hayo kuna Ngazi ya Msingi, Ngazi ya Kati na Ngazi ya Juu. Mbili za kwanza zina karatasi sita kila moja.

Mhasibu wa Keroka alikamilisha Ngazi ya Msingi mwaka wa 2022 na Ngazi ya Kati mwaka wa 2024. Katika Ngazi ya Juu amefaulu karatasi mbili pekee. Hayo ni mafanikio yanayostahili kuandikwa, lakini hayamfanyi CPA.

Hata angekamilisha karatasi zote, bado jina hilo lisingekuwa lake. Chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2008, anayeruhusiwa kujiita CPA ni yule aliyesajiliwa na Taasisi ya Wahasibu wa Umma, ICPAK. Kufaulu mtihani ni hatua moja, kusajiliwa ni nyingine. Aidha, uanachama pekee haumpi mtu idhini ya kutia saini ripoti ya ukaguzi. Hiyo huhitaji cheti cha kuendesha shughuli za uhasibu kwa umma.

Mstari sahihi basi ni huu: "Mtahiniwa wa CPA: Ngazi ya Msingi (2022), Ngazi ya Kati (2024), Ngazi ya Juu karatasi mbili zimefauliwa, zilizosalia zinaendelea." Iwapo mtahiniwa alisamehewa baadhi ya karatasi kwa sababu ya shahada yake, aseme alisamehewa, wala asiseme alifaulu. Mwajiri akiomba taarifa ya matokeo, tofauti hiyo itaonekana.

Suala hili si la lugha tu. Mnamo Februari 2024, Tume ya Huduma kwa Umma ilitoa matokeo ya uchunguzi uliofichua zaidi ya watumishi wa umma 2,000 waliokuwa na vyeti ghushi. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, imekuwa ikiwashtaki watu wa aina hiyo na kudai warejeshe mishahara waliyolipwa. Kwa mtu aliyefanya kazi miaka kumi, deni kama hilo laweza kumeza shamba na nyumba.

Ukaguzi alioshiriki

"Tajriba pana ya ukaguzi" haimwelezi msomaji chochote. Anachotaka kujua ni mambo manne: mteja alikuwa wa aina gani, kikosi kilikuwa cha watu wangapi, mwombaji alipewa sehemu ipi, na ilikuwa hesabu ya mwaka gani.

Mhasibu wetu alishiriki kaguzi 14 kwa miaka mitatu: Sacco sita, shule za kibinafsi tano na maduka ya vifaa vya ujenzi matatu. Alikuwa msaidizi katika kikosi cha watu watatu. Katika Sacco moja yenye wanachama wapatao 4,000, alipewa sehemu ya mikopo. Alichagua faili 60 za mikopo na kuzipekua, akapata saba ambazo wadhamini hawakuwa wametia saini. Jambo hilo liliingizwa katika barua ya wakaguzi kwa wasimamizi, na mwaka uliofuata fomu ya mikopo ikabadilishwa.

Maelezo hayo yana uzito kuliko ukurasa mzima wa sifa, kwa kuwa yanaonyesha kazi, kipimo chake na matokeo. Angalia pia kwamba jina la Sacco halikutajwa. Maadili ya taaluma humtaka mhasibu kutunza siri za mteja, na mwajiri makini atajiuliza iwapo mtu anayemwaga siri za jana hatazimwaga zake kesho. Aina na ukubwa wa mteja vinatosha. Jina la kampuni ya ukaguzi ndilo linaloandikwa, ili marejeleo yaweze kutafutwa.

Tarehe nazo husema ukweli bila kuulizwa. Mwaka wa hesabu wa Sacco humalizika Desemba 31, hivyo ukaguzi wake wa mwisho hufanywa miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Serikali za kaunti hufunga vitabu Juni 30, vivyo hivyo viwanda vya majani chai vilivyo chini ya KTDA, kama vile Nyamache na Kiamokama upande wa Kisii, au Tombe na Sanganyi upande wa Nyamira. Mwombaji anayedai kwamba alikamilisha ukaguzi wa hesabu za Sacco za mwaka wa 2023 mnamo Agosti 2023 amejifichua mwenyewe, kwani mwaka huo ulikuwa haujaisha.

Vilevile, hesabu za kaunti hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Msaidizi wa kampuni ya kibinafsi anayeandika kwamba alikagua serikali ya kaunti sharti aeleze kampuni yake iliteuliwa vipi kuifanya kazi hiyo. Asipoweza, mstari huo utamwangusha.

Programu za kompyuta

Orodha ya majina kumi ya programu huamsha shaka zaidi ya majina mawili yaliyofafanuliwa. Kuna aliyeingiza stakabadhi tu, kuna aliyetoa ripoti za mwisho wa mwezi, na kuna aliyeuanzisha mfumo wenyewe. Hao ni watu watatu tofauti, ijapokuwa wote huandika neno QuickBooks.

Mhasibu wa Keroka alikuwa amejumuisha IFMIS, mfumo wa fedha unaotumiwa na serikali kuu na zile za kaunti. Lakini hajawahi kuajiriwa serikalini, na mtumiaji wa mfumo huo hupewa akaunti yake mwenyewe kulingana na wadhifa wake. Swali moja kuhusu aliingia kama nani lingetosha kumaliza mahojiano. Aliufuta mstari huo.

Badala yake aliandika alichokifanya: kuhamisha salio za akaunti 212 za Sacco kutoka leja za mkono hadi QuickBooks, na kuendesha mifumo yote miwili sambamba kwa miezi miwili kabla ya leja kuwekwa kando.

Mstari wa namna hiyo hualika swali, na swali hilo ni fursa. Mwezi wa kwanza, urari wa kompyuta ulitofautiana na wa leja kwa Sh9,000. Tofauti inayogawanyika kwa tisa bila baki mara nyingi huashiria tarakimu zilizobadilishana nafasi, kwa hivyo alianza kwa kutafuta kosa la aina hiyo. Alipata Sh54,000 zilizoingizwa mahali pa Sh45,000. Asiyewahi kuifanya kazi hiyo hawezi kuisimulia hivyo.

Bajeti aliyoishughulikia

Dai la Sh240 milioni ndilo lililokuwa hatari zaidi, kwa sababu mwandishi wake aliamini ni kweli. Kiasi hicho kilikuwa jumla ya rasilimali za Sacco, ambazo sehemu yake kubwa ni akiba za wanachama zilizokopeshwa wanachama wengine. Bajeti ya matumizi ya mwaka ilikuwa Sh18 milioni.

Zaidi ya hayo, hakuwa "ameisimamia". Alitayarisha rasimu, bodi ikaijadili na mkutano mkuu wa wanachama ukaipitisha. Kisha yeye alilinganisha matumizi na makadirio kila mwezi na kumpa meneja ripoti. Mwaka ulipoisha, Sh17.1 milioni zilikuwa zimetumika, yaani asilimia 95.

Tofauti kati ya kusimamia na kuandaa ina uzito mkubwa mtu anapoomba kazi ya kaunti. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, anayewajibikia fedha za idara ni afisa mhasibu aliyeteuliwa, ambaye kwa kawaida ni afisa mkuu wa idara hiyo, hata kama hajawahi kusomea uhasibu. Mhasibu wa kawaida huandaa hati za malipo, hufuatilia salio la kila fungu na kutoa tahadhari fungu linapokaribia kuisha. Anayedai kwamba aliidhinisha mamilioni huku cheo chake kikiwa cha chini huwafanya wanajopo wajiulize kama anaufahamu mpaka wa mamlaka yake.

Mstari uliorekebishwa ulisema kwamba alitayarisha rasimu ya bajeti ya Sh18 milioni na ripoti za kila mwezi za kulinganisha matumizi, katika Sacco yenye rasilimali za Sh240 milioni. Tarakimu kubwa ilibakia, ila sasa imekaa mahali pake.

Wasifukazi huo mpya ulitoshea kurasa mbili. Ulipoteza cheo kimoja, programu kadhaa na mamilioni mengi ya fedha. Hata hivyo, kila mstari uliosalia una hati nyuma yake: taarifa ya matokeo ya Kasneb, barua ya kampuni ya ukaguzi yenye tarehe za kuanza na kuacha kazi, na meneja wa Sacco aliyekubali kupigiwa simu. Anayetuma maombi na azipange hati hizo kwa mfuatano uleule wa mistari ya wasifukazi, na mstari wowote utakaokosa hati uondolewe kabla ya bahasha kufungwa.